Siku zisizo na riba kwenye kadi ya mkopo: namna ya kuzihesabu na kutozipoteza

Kuna maswali mawili ambayo hayaishi. La kwanza: "Niliambiwa kadi ina siku 55 bila riba. Nimenunua kitu juzi tu, mbona natakiwa kulipa kabla mwezi haujaisha?" La pili huja na hasira kidogo: "Nimelipa karibu deni lote, sasa hii riba ya elfu tatu imetoka wapi?" Niliwahi kukaa kwenye dawati la kadi katika benki moja Nairobi, na hata baada ya kuondoka bado watu wa nyumbani na majirani wananiuliza yaleyale. Nimeyaandika hapa mara moja, kwa hatua.

Jambo moja la kushika kabla ya yote: zile siku 55 hazianzi upya kila unaponunua. Kadi ina siku moja ya mwezi ambayo benki inafunga hesabu, na ina siku nyingine ya mwisho ya kulipa deni lililofungwa. Ukinunua siku moja baada ya hesabu kufungwa, unapata siku nyingi. Ukinunua siku ileile inapofungwa, unabaki na zile chache za mwisho tu. Kwenye kadi nitakayoitumia kama mfano, za mwisho ni 25. Kwa hiyo neno la kushika katika "hadi siku 55" ni hilo "hadi".

Unachohitaji

- Taarifa mbili za mwisho za kadi yako, zile zinazokuja kwa barua pepe. Moja haitoshi, na sababu utaiona kwenye hatua ya 2.
- Karatasi ya masharti na ada uliyopewa pamoja na kadi. Kama umeipoteza, iombe tawini au kwa simu.
- Kalenda ya mwaka huu inayoonyesha sikukuu.
- Kalamu. Hesabu zenyewe ni za kujumlisha, kuzidisha na kugawa tu.

Kadi ya mfano inafunga hesabu tarehe 20 ya kila mwezi, inatoa siku 25 za kulipa baada ya hapo, na riba yake ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Tarehe ni za mwaka 2026 na pesa ni shilingi za Kenya. Yako itakuwa na namba zake, lakini njia ni hiihii.

Hatua

1. Zitafute tarehe mbili. Fungua taarifa ya mwisho na uangalie sehemu ya juu. Tarehe ya kufunga hesabu imeandikwa `Statement Date`, na tarehe ya mwisho ya kulipa imeandikwa `Payment Due Date`. Ziandike kwenye karatasi. Watu wengi wanaijua hiyo ya pili kwa sababu benki inawakumbusha kwa ujumbe wa simu, ila ya kwanza hawajawahi kuitazama. Na hiyo ya kwanza ndiyo inayoamua ununuzi wako unaangukia mwezi gani.

2. Linganisha taarifa mbili. Angalia kama tarehe ya kulipa ni ileile miezi yote miwili au imesogea. Kadi yetu ya mfano inahesabu siku 25, kwa hiyo tarehe inasogea. Hesabu iliyofungwa tarehe 20 Machi inalipwa mwisho 14 Aprili, kwa kuwa Machi ina siku 31. Iliyofungwa tarehe 20 Aprili inalipwa mwisho 15 Mei, kwa kuwa Aprili ina siku 30. Siku moja inaonekana si kitu, lakini mtu aliyezoea kulipa tarehe 15 atachelewa mwezi ambao mwisho ni 14, na atashangaa sana.

Waliopo Marekani wana nafuu hapa. Sheria ya huko ya mwaka 2009 inataka tarehe ya kulipa iwe ileile kila mwezi, na taarifa itumwe angalau siku 21 kabla yake. Sisi wengine inabidi tusome taarifa kila inapokuja.

3. Hesabu siku za ununuzi wako. Tuseme unataka kununua friji ya shilingi 48,000. Ikiingia kwenye kadi tarehe 20 Machi, inafungiwa kwenye hesabu ya siku hiyohiyo na mwisho wa kulipa ni 14 Aprili. Hizo ni siku 25. Ikiingia tarehe 21 Machi, inasubiri hesabu ya 20 Aprili na inalipwa mwisho 15 Mei. Hesabu: siku 10 zilizobaki za Machi, 30 za Aprili, 15 za Mei, jumla 55. Friji ni ileile na bei ni ileile, ila kwa kungoja siku moja umeongezewa mwezi mzima.

Kwa hiyo kitu kikubwa kinachoweza kungoja, kingoje hadi hesabu ifungwe. Maziwa na unga usiyapangie tarehe, utajichosha bure.

4. Soma tarehe ya kuingia, usisome ya kununua. Kwenye taarifa kila ununuzi una tarehe mbili. Moja ni siku uliyopitisha kadi dukani, nyingine ni siku benki ilipoandika deni, yaani `Posting Date`. Kwa kawaida zinapishana siku moja hadi tatu, na wikendi inazidisha. Friji iliyonunuliwa Jumamosi tarehe 21 Machi inaweza kuingia Jumatatu tarehe 23.

*Kosa la kawaida:* mtu ananunua tarehe 19 jioni akitumaini kwamba muamala utachelewa na kuangukia mwezi unaofuata. Wakati mwingine unachelewa kweli. Wakati mwingine unaingia tarehe 20 asubuhi, na siku 30 zimekwenda. Kama unazitegemea siku hizo, nunua tarehe 21 au baadaye na uache kubahatisha.

5. Chagua kiasi sahihi cha kulipa. Hapa ndipo wengi wanapotea, kwa sababu taarifa na programu ya simu zinakuonyesha viwango vitatu tofauti.

Kuna `Minimum Payment Due`, kiasi kidogo kabisa kinachokubalika, mara nyingi asilimia fulani ya deni. Ukikilipa hutatozwa faini ya kuchelewa, basi. Riba hakiizuii hata kidogo. Kuna `Total Amount Due`, deni lote lililofungwa kwenye taarifa. Hicho ndicho kiasi kinacholinda siku zako zisizo na riba. Halafu kwenye programu ya simu kuna `Outstanding Balance` au neno la aina hiyo, yaani deni la sasa hivi pamoja na ulichonunua jana ambacho hakijafungiwa kwenye hesabu yoyote. Ukilipa hicho hukosei, ila unatoa pesa mapema kuliko inavyodaiwa.

Lipa cha pili, kizima, hadi senti. Taarifa ikisema 60,000.40, lipa 60,001. Usipunguze kamwe kwa ajili ya kupata namba nzuri.

6. Tuma mapema ili pesa ifike. Kinachoangaliwa ni siku pesa inapoingia kwenye kadi. Ukihamisha kutoka akaunti ya benki hiyohiyo, mara nyingi inaingia siku ileile. Kutoka benki nyingine au kwa M-Pesa, jiwekee siku tatu za kazi. Kisha tazama kalenda: tarehe 14 Juni 2026, siku ya mwisho ya hesabu iliyofungwa 20 Mei, ni Jumapili. Usiseme utalipa Jumatatu. Mimi ningetuma Jumanne tarehe 9 na kulala usingizi.

Ukilipa kwa Paybill, pale panapoulizwa namba ya akaunti soma maelekezo ya benki yako vizuri. Baadhi wanataka namba ya kadi yenyewe, wengine wanataka namba ya akaunti ya kadi iliyoandikwa kwenye taarifa. Ukikosea tarakimu moja, pesa inaning'inia mahali huku siku zinahesabika.

7. Rekebisha maagizo ya kukatwa. Kama uliiruhusu benki ikukate yenyewe kutoka akaunti ya mshahara, tafuta nakala ya fomu uliyojaza wakati wa kuomba kadi. Mara nyingi ina visanduku vya kuchagua: asilimia ndogo ya deni, au asilimia 100. Nimeona watu walioishi miaka miwili wakiamini kadi "inajilipa", kumbe walitia alama kwenye asilimia 10. Badilisha iwe 100, na uhakikishe akaunti ina pesa siku ya kukatwa.

Elfu moja iliyopungua

Sasa lile swali la pili. Mtu wetu amepata taarifa ya tarehe 20 Aprili yenye deni la shilingi 60,000. Ndani yake kuna friji ya 48,000 iliyoingia 23 Machi, manunuzi ya supamaketi ya 8,000 yaliyoingia 8 Aprili, na petroli ya 4,000 iliyoingia 10 Aprili. Mwisho wa kulipa ni 15 Mei. Tarehe 14 Mei analipa 59,000. Elfu moja anaibakiza kwa nauli ya matatu, akijua mshahara uko njiani. Anategemea kutozwa riba kwenye hiyo elfu moja tu, yaani kama shilingi 35.

Masharti ya kadi nyingi hayasemi hivyo. Yanasema kwamba siku zisizo na riba zinapatikana tu deni la taarifa likilipwa lote kwa wakati. Lisipolipwa lote, ni kama hazikuwahi kuwapo, na riba inarudi nyuma kuhesabu kila ununuzi tangu siku ulipoingia.

Asilimia 3.5 kwa mwezi ni 42 kwa mwaka. Ukigawa kwa siku 365, unapata kama shilingi 1.15 kwa siku kwa kila elfu moja. Friji imekaa siku 52, kutoka 23 Machi hadi 14 Mei. Supamaketi imekaa siku 36, petroli 34. Zidisha kila kiasi kwa siku zake, jumlisha, kisha tafuta riba:

```
48,000 x 52 = 2,496,000
 8,000 x 36 =   288,000
 4,000 x 34 =   136,000
jumla       = 2,920,000

2,920,000 x 0.42 / 365 = 3,360
```

Ongeza shilingi 7 za ile elfu moja kwa siku 6, kutoka 14 Mei hadi hesabu inapofungwa tarehe 20. Riba yote ni 3,367.

Sasa linganisha na mtu mwenye deni hilohilo aliyelipa kiasi kidogo kabisa, tuseme 6,000, siku hiyohiyo ya 14 Mei. Yeye naye anatozwa zile 3,360, na juu yake 373 za 54,000 zilizobaki kwa siku 6. Jumla 3,733. Aliyelipa 59,000 na aliyelipa 6,000 wanatofautiana kwa shilingi 366 tu kwenye taarifa ya Mei. Miezi inayofuata wataachana mbali, maana mmoja bado anadaiwa 54,000, lakini mwezi wa kwanza adhabu yao inakaribia kuwa moja. Ndiyo maana nasema ukiwa umebakiza elfu moja, ni heri ukope kwa ndugu hadi mwisho wa mwezi.

Si benki zote zinahesabu namna hii. Ziko zinazotoza riba kwenye kilichobaki tu. Utaijua yako kwa kusoma masharti, kwenye kifungu kinachoeleza riba inaanza kuhesabiwa lini. Ukikuta maneno yanayomaanisha "tangu tarehe ya muamala" au "tangu tarehe ya kuingia", basi hesabu ya friji ndiyo yako.

Vitu visivyo na siku za bure hata moja

Kutoa pesa taslimu kwa kadi ya mkopo, iwe kwenye ATM au kaunta, kunaanza kutozwa riba siku hiyohiyo, na kuna ada ya kutoa juu yake. Kulipa deni lote kwa wakati hakukusaidii hapo. Benki nyingi zinaweka kwenye kundi hilohilo kuhamisha pesa kutoka kadi ya mkopo kwenda pochi ya simu, na kununua salio la kamari. Kabla ya kujaribu lolote kati ya hayo, piga simu uulize kama linahesabiwa kama ununuzi au kama pesa taslimu. Jibu likiwa la pili, tafuta njia nyingine.

Mambo yakienda kombo

*Nimelipa deni lote mwezi huu, lakini taarifa mpya bado ina riba.* Hii ndiyo inayoumiza zaidi, na huwapata wanaojitoa kwenye deni la zamani. Mtu wetu wa friji akipata taarifa ya 20 Mei na kuilipa yote tarehe 9 Juni, bado siku kati ya 20 Mei na 9 Juni zimekuwa zikihesabiwa riba, na itatokea kwenye taarifa ya 20 Juni. Si wizi. Lipa na hiyo yote kwa wakati, na siku zako zitarudi. Kwa kawaida inachukua taarifa mbili mfululizo zilizolipwa zote. Njia ya haraka ni kupiga simu, kuuliza kiasi cha kumaliza deni lote leo pamoja na riba iliyokwisha kuhesabiwa, kukilipa siku hiyo, na kuiacha kadi kabatini hadi taarifa ije na sifuri.

*Nimenunua wakati bado nina deni la zamani, nikajua hiki kipya kina siku 55.* Hakina. Deni la taarifa likibebwa kwenda mwezi wa pili, ununuzi mpya nao unaanza riba siku unapoingia. Katika kipindi hicho tumia kadi ya ATM au pesa taslimu.

*Nililipa tarehe 19 Aprili, mbona tarehe 15 Mei nadaiwa tena?* Malipo yako yaliingia kabla hesabu haijafungwa, kwa hiyo yalipunguza deni, na taarifa ya tarehe 20 ikaonyesha kilichobaki. Kilichobaki ndicho unachodaiwa. Angalia `Total Amount Due` ya taarifa hiyo. Kama ni sifuri, huna la kufanya.

*Duka limenirudishia pesa, kwa hiyo nimelipa pungufu.* Usifanye hivyo. Pesa iliyorudishwa baada ya hesabu kufungwa huenda isihesabiwe kama malipo ya taarifa hiyo. Lipa kiasi chote kilichoandikwa, na marejesho yatapunguza taarifa inayofuata. Nilijifunza hili kwa jozi ya viatu vya shilingi 3,200 nilivyovirudisha, nikapunguza malipo kwa kiasi hichohicho, nikatozwa riba ya mwezi mzima. Nilibishana wiki mbili nikashindwa, maana masharti yalikuwa upande wao.

*Nimelipa kwa wakati, benki inasema nimechelewa.* Tafuta ujumbe wa kuthibitisha malipo wenye tarehe, saa na namba ya muamala. Kisha linganisha namba ya akaunti uliyoandika na ile ya kwenye taarifa, tarakimu kwa tarakimu. Kama zinafanana, peleka malalamiko kwa maandishi na udai mambo mawili kwa majina yake: faini ya kuchelewa ifutwe, na riba iliyohesabiwa kwa sababu hiyo nayo ifutwe. Ukidai faini peke yake, mara nyingi watafuta faini na riba itabaki pale pale.

*Tarehe ya kufunga hesabu inaangukia kabla tu ya mshahara wangu.* Uliza kama unaweza kuhamishiwa tarehe nyingine, baadhi ya benki wanakubali kwa barua au simu moja. Mshahara ukiingia tarehe 28, hesabu inayofungwa tarehe 5 na kulipwa mwisho wa mwezi inakaa vizuri kuliko ile inayodaiwa tarehe 20 mfukoni mkiwa mmebaki sarafu. Ila mwezi wa mpito soma taarifa kwa makini, kwa kuwa unaweza kuwa mfupi na siku zako zikapungua mara moja hiyo.